Gololi inayoelea na vizidishi vitatu

Treni ya Transrapid inayounganisha uwanja wa ndege wa Pudong na jiji la Shanghai haina magurudumu yanayoisukuma njiani. Kingo za behewa zimepinda na kuingia chini ya njia yake, na humo zimefungwa sumaku-umeme zinazojivuta kwenda juu kuelekea chuma cha njia hadi ubaki mwanya wa takriban milimita 10. Ukiziacha bila mwangalizi, sumaku hizo ama zitagonga chuma na kung'ang'ania hapo, ama zitaachia na behewa kushuka. Mwanya ukipungua kidogo, mvuto huongezeka na kuzidi kuupunguza. Ukitanuka kidogo, mvuto hudhoofu na kuuacha utanuke zaidi.

Kinachohitajika ni kifaa cha udhibiti: kipime mwanya, kisha kiongeze au kipunguze volteji ya koili kila mara. Swali ni kiongeze kwa kiasi gani. Mwaka 1972 mhandisi Mjerumani, Jürgen Ackermann, alichapisha katika jarida la Regelungstechnik njia ya kupata jibu kwa fomula moja, bila kubahatisha. Inafanya kazi kwenye mfumo wowote wa mstari wenye mlango mmoja tu wa kuingizia amri, maadamu amri hiyo inaweza kuzifikia sehemu zake zote.

Ili fomula ionekane ikifanya kazi, tuiache treni na tuchukue kifaa kinachopatikana katika maabara nyingi za uhandisi: gololi ya chuma inayoelea chini ya sumaku-umeme moja, kwa mwanya wa milimita 10.

Hali ya gololi wakati wowote huelezwa na vitu vitatu. Cha kwanza, x1, ni kiasi ambacho mwanya umezidi milimita 10, kikihesabiwa kama sehemu ya mwanya wenyewe. Milimita moja ya ziada ni 0.1. Cha pili, x2, ni kasi ya badiliko la x1. Cha tatu, x3, ni kiasi ambacho mkondo wa umeme umezidi ule wa kawaida, nacho kama sehemu ya mkondo huo. Vitu vitatu maana yake mfumo wa daraja la tatu.

Nguvu ya sumaku hufuata mraba wa mkondo uliogawanywa kwa mwanya. Kwa hiyo mwanya ukiongezeka kwa asilimia 1, nguvu hupungua kwa karibu asilimia 2. Mkondo ukiongezeka kwa asilimia 1, nguvu hupanda kwa karibu asilimia 2. Ukiweka uvutano wa dunia katika hesabu na ukapima muda kwa vipande vya sekunde 0.0226, namba zote za usumbufu hutoweka: mchapuko wa gololi kwenda chini unakuwa x1 − x3. Koili nayo haipokei mkondo papo hapo. Tuchukue koili ambayo mkondo wake hufifia kwa kasi ya 2 katika kipimo hicho cha muda, na tuuache kando umeme mdogo unaozalishwa na mwendo wa gololi yenyewe. Volteji ya ziada tunayoamuru ni u:

```
x1' = x2
x2' = x1 - x3
x3' = -2*x3 + u
```

Alama ya mkato inasema "kasi ya badiliko la". Mtu akiandika milinganyo hii kwa matriki, yaani majedwali ya namba, anapata x' = Ax + Bu, ambapo A ni jedwali la mistari mitatu na B ni safu moja ya namba 0, 0, 1.

Jinsi kosa linavyokua au kufa katika mfumo kama huu hutegemea namba tatu zinazoitwa ncha. Ncha hasi hulifisha kosa, ncha chanya hulikuza. Gololi yetu isiyodhibitiwa ina ncha +1, −1 na −2. Hiyo +1 ndiyo inayoiangusha: kosa likishashika njia huongezeka maradufu kila baada ya sekunde 0.016 hivi, na hakuna mkono wa binadamu unaowahi.

Tunataka kuchagua volteji kwa kanuni u = −(k1·x1 + k2·x2 + k3·x3), na kuvipata vizidishi k1, k2 na k3 vitakavyozihamisha ncha zote tatu hadi tunakotaka. Tuseme zote ziende −2. Polinomia yenye ncha hizo ni (s + 2) mara tatu, yaani s³ + 6s² + 12s + 8.

Hapa ndipo uzuri wa fomula ulipo, na unastahili kufuatwa polepole. Tutafute kipimo kimoja, tukiite z, kilichochanganywa kutokana na hali zile tatu kwa mstari wa namba q, yaani z = qx. Tukichague kwa sharti moja kali: amri u isikiguse moja kwa moja, wala isiguse kasi ya badiliko lake, wala badiliko la kasi hiyo, ila ionekane kwa mara ya kwanza katika badiliko la tatu, tena ikiwa imezidishwa kwa 1 tu. Kwa alama, sharti hilo ni qB = 0, qAB = 0 na qA²B = 1. Likitimia, basi:

```
z'   = qAx
z''  = qA²x
z''' = qA³x + u
```

Sasa volteji iko mikononi mwetu peke yake kwenye mstari wa mwisho. Tunataka z iishi kwa sheria z''' + 6z'' + 12z' + 8z = 0, kwa kuwa sheria hiyo ndiyo yenye ncha tatu za −2. Weka mistari mitatu ya juu ndani ya sheria hii, kisha hamisha u upande wake, na vizidishi vinajitokeza vyenyewe:

k = q(A³ + 6A² + 12A + 8I)

I ni matriki inayofanya kazi ya namba 1. Kilichomo ndani ya mabano ni polinomia ileile tuliyoichagua, A ikiwa imekalia nafasi ya s. Huo ndio mwili mzima wa fomula ya Ackermann. Imebaki kupata q, na masharti yake matatu yanasema jambo moja: panga safu B, AB na A²B kuwa matriki C, tafuta kinyume chake, kisha chukua mstari wake wa mwisho.

C isipokuwa na kinyume, q haipo na kazi imeishia hapo. Hilo ndilo sharti la udhibitikaji ambalo Rudolf Kalman alilifafanua mwanzoni mwa miaka ya 1960. Maana yake ya kimwili ni kwamba ipo sehemu ya mfumo ambayo amri haiwezi kuifikia, hata volteji iwe kubwa kiasi gani.

Kwa gololi, B ni (0, 0, 1), AB ni (0, −1, −2) na A²B ni (−1, 2, 4). Masharti ya q yanatatuliwa kichwani: la kwanza linaua namba yake ya tatu, la pili linaua ya pili, la tatu linaifanya ya kwanza kuwa −1. Basi q = (−1, 0, 0), na z ni mwanya wenyewe ukiwa na alama ya kinyume. Fizikia inakubali. Volteji haisogezi gololi papo hapo. Hubadili mkondo, mkondo hubadili mchapuko, mchapuko hubadili kasi, na kasi ndipo ibadili mwanya.

Kilichobaki ni kuzidisha. qA ni (0, −1, 0), qA² ni (−1, 0, 1), na qA³ ni (0, −1, −2). Zidisha kwa 12, 6 na 1, ongeza 8q ambayo ni (−8, 0, 0), na jumla ni k = (−14, −13, 4). Kanuni ya volteji inakuwa u = 14x1 + 13x2 − 4x3: mwanya ukitanuka au gololi ikishuka, ongeza volteji; mkondo ukishazidi, punguza.

Kuna hakiki ya haraka ambayo kila mhandisi anapaswa kuifanya. Jumla ya ncha ni sawa na jumla ya namba za mshazari wa matriki. Mwanzoni mshazari ulikuwa 0, 0, −2. Sasa ni 0, 0, −6. Ncha tatu za −2 zinajumlika kuwa −6. Kompyuta nayo inakubali:

```
import numpy as np
A = np.array([[0,1,0],[1,0,-1],[0,0,-2]])
B = np.array([[0],[0],[1]])
C = np.hstack([B, A@B, A@A@B])
p = A@A@A + 6*A@A + 12*A + 8*np.eye(3)
print(np.array([[0,0,1]]) @ np.linalg.inv(C) @ p)
```

Fomula humpa mtu ncha anazoomba, lakini haimwambii bei yake. Katika vipimo vyetu, volteji ya kawaida inayoishikilia gololi ni 2. Gololi ikiwa imeshuka milimita moja, x1 ni 0.1, na kanuni yetu inadai nyongeza ya 1.4, yaani asilimia 70 ya volteji ya kawaida. Inavumilika. Sasa omba ncha tatu za −4, mara mbili ya kasi ya kwanza. Polinomia ni s³ + 12s² + 48s + 64, na k inakuwa (−76, −49, 10). Milimita ileile sasa inadai nyongeza ya 7.6, yaani asilimia 380. Kikuza umeme kisichoweza kutoa kiasi hicho kitafika ukomo wake, hesabu yote ya ncha itabatilika, na gololi inaweza kuanguka ingawa karatasi inasema iko salama.

Bei ya pili ni joto. Shaba ikipanda nyuzi 25 hivi za Selsiasi, ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 10, na ile −2 ya koili inakuwa −2.2. Kwa vizidishi vilevile, polinomia inageuka kuwa s³ + 6.2s² + 12s + 7.8, na ncha zinatawanyika: moja inakwenda −3.24, mbili zinakuwa namba changamano zenye sehemu halisi −1.48. Gololi bado inaelea, lakini inarudi mahali pake taratibu kuliko ilivyopangwa. Mtawanyiko huu ni mkubwa kwa sababu ncha tatu zilirundikwa sehemu moja. Kosa dogo katika polinomia huzisukuma kwa kipeuo cha tatu chake. Ndiyo maana ukiiomba kompyuta ncha za mfumo huu, inaweza kuonyesha kitu kama −2.00001 badala ya −2 kamili.

Programu ya MATLAB ina amri mbili za kazi hii. Amri ya `acker` hutumia fomula hii na hukubali ncha zilizorundikana. Amri ya `place` hufuata njia nyingine na hukataa kurundika ncha tatu mahali pamoja kwenye mfumo wa mlango mmoja. Kwa mfumo mdogo kama gololi, `acker` inatosha kabisa. Vigezo vya hali vikikaribia kumi au kuzidi, safu B, AB, A²B na kuendelea huanza kufanana mno, kinyume cha C hupoteza tarakimu, na hapo `place` ndiyo ya kutumia, ncha zikiwa zimeachanishwa.