Jua la Januari Tandale si njaa ya Songea: hali ya hewa na tabianchi kwa mnunuzi wa nafaka

Miongoni mwa wafanyabiashara wa nafaka wa Jiji la Dar es Salaam kuna kosa moja linalojirudia karibu kila mwaka, nalo hutokea katika miezi ya Januari na Februari. Jua linawaka Tandale, vumbi linatimka, mvua haijaonekana tangu vuli ilipokatika, na mwenye ghala anaanza kuamini kwamba mwaka huu nchi itakuwa na njaa. Basi anafunga ghala lake na kusubiri bei ipande.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa aina hiyo, kwa hesabu za kubuni ili jambo lieleweke. Mwezi Julai amenunua magunia 200 ya mahindi ya kilo 100 kwa Sh. 60,000 kila gunia, yaani Sh. milioni 12, na sehemu ya fedha hizo ni mkopo. Riba, dawa ya wadudu na kodi ya ghala zimemgharimu Sh. milioni 2 nyingine. Mwezi Februari dalali anampa Sh. 85,000 kwa gunia. Akiuza atapata Sh. milioni 17, na faida yake ni Sh. milioni 3. Yeye anatazama jua la nje, anakataa, anangoja Sh. 100,000. Ifikapo Juni, malori ya mahindi mapya yanateremka kutoka Ruvuma na Rukwa, bei inaanguka hadi Sh. 50,000, naye anauza kwa Sh. milioni 10 mzigo uliomgharimu Sh. milioni 14.

Mfanyabiashara huyo amechanganya mambo mawili ambayo katika Kiswahili cha kila siku yamezoea kubebwa na jina moja. Jua aliloliona ni hali ya hewa, yaani jinsi anga lilivyo mahali fulani kwa saa au siku fulani: joto, mvua, upepo, mawingu. Lakini kwamba Dar es Salaam huwa kavu na yenye joto kali baina ya vuli na masika, hiyo ni tabianchi, yaani mwenendo wa hali hizo uliozoeleka mahali hapo kwa miaka mingi. Jua la Januari katika pwani ya kaskazini halina habari yoyote mpya ya kumpa mwenye ghala. Lingekuwa la ajabu kama lingewaka hivyo mwezi Aprili.

Jambo la pili alilosahau ni kwamba nchi hii haina kalenda moja ya mvua. Pwani ya kaskazini, Tanga, Kilimanjaro, Arusha na maeneo ya Ziwa Victoria hupata misimu miwili: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zina msimu mmoja tu, wa kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo wakati Tandale inakauka, Songea mvua inanyesha juu ya mahindi yaliyokwishapita magoti. Aliyetaka kujua bei ya Juni alipaswa kuulizia mvua ya huko.

Lugha nayo imechangia. Neno tabianchi ni geni kiasi masikioni mwa wengi, na kwa muda mrefu watu wamesema "mabadiliko ya hali ya hewa" wakimaanisha mabadiliko ya tabianchi. Ukiyatafakari maneno yenyewe, tofauti imo ndani yake. Hali hubadilika asubuhi na jioni; mtu huulizwa "u hali gani?" kila siku na jibu laweza kuwa tofauti. Tabia huchukua miaka kujulikana. Jirani mpole akikasirika siku moja hakuna atakayesema amekuwa mtu wa shari.

Wataalamu nao wamejiwekea muda wa kuijua tabia hiyo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia wastani wa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa kama kipimo ni mwaka 1991 hadi 2020. Miaka 30 inatosha kuingiza miaka ya neema na miaka ya ukame, ili mwaka mmoja wa ajabu usiivuruge hesabu.

Wenye maduka ya jumla Kariakoo wanaijua tofauti hii bila kuisomea. Anayeagiza masweta ili yafike Njombe na Makete kabla ya Juni anafanya biashara kwa tabianchi. Hajui tarehe gani baridi itauma, ila anajua itauma. Kijana wa miavuli anayetoka mbio wingu linapokusanyika Posta anafanya biashara kwa hali ya hewa. Manahodha wa majahazi waliokuja kutoka Uarabuni na kaskazi, wakarudi na kusi, walipanga safari za mwaka mzima kwa tabianchi ya Bahari ya Hindi, lakini siku ya kutweka tanga walitazama anga ya siku hiyo.

Sasa turudi kwenye mahindi, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa msimu kabla mvua hazijaanza, na maneno yake ni matatu: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani. Kwa kipimo cha Mamlaka, mvua ya wastani ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo husika. Yaani utabiri wenyewe ni hali inayotarajiwa ikipimwa juu ya tabianchi. Wilaya yenye wastani wa milimita 600 itahesabiwa kuwa imepata wastani ikiwa na milimita 460, na pia ikiwa na milimita 740. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hivyo ekari moja hupata karibu lita 4,000, sawa na mapipa 20. Kati ya 460 na 740 kuna tofauti ya mapipa 5,600 kwa ekari, nayo yote yanaitwa wastani.

Wala jumla peke yake haitoshi. Chukua shamba lililopandwa katikati ya Desemba wilayani Kongwa. Mhindi hauvumilii kiu hasa unapotoa mbelewele na nywele za magunzi, na kwa mbegu nyingi hilo hutokea kama miezi miwili baada ya kupanda, yaani katikati ya Februari. Mwaka mmoja unaweza kuwa na milimita 600 zilizogawanyika vizuri. Mwaka mwingine unaweza kuwa na milimita 600 zilezile, ila 200 zikawa zimemwagika kwa siku tatu za Januari na kukimbilia korongoni, kisha Februari ikapita majuma matatu bila tone. Katika taarifa ya mwisho wa msimu miaka hiyo miwili italingana. Katika magunia haitalingana hata kidogo, kwa kuwa gunzi ambalo nywele zake zilikauka kabla ya kupata chavua halirudishiwi punje na mvua ya Machi.

Kwa hiyo mnunuzi anayepigiwa simu kwamba "Dodoma mvua imekatika siku kumi" hana budi kuuliza maswali mawili. La kwanza, mahindi yako hatua gani? Siku kumi kavu wakati wa palizi ya kwanza si msiba. Siku ishirini wakati wa mbelewele ni habari ya bei. La pili, ukavu huo ni wa kawaida kwa mwezi huo? Kanda ya kati mara nyingi hupitia kipindi kikavu mwezi Februari katikati ya msimu, na wakulima wenye uzoefu hukitarajia. Ndiyo sababu wengi wao hawaachi mtama na uwele.

Wengine huuliza, na ni swali la haki, iweje Mamlaka itabiri miezi mitatu wakati utabiri wa kila siku haupiti salama majuma mawili? Jibu ni kwamba anga hubadilika upesi lakini bahari hubadilika polepole. Joto la Pasifiki na la Bahari ya Hindi likishajulikana mwezi Agosti, laweza kuonyesha vuli inaelekea upande gani. Halionyeshi kama Jumanne ya tarehe fulani itanyesha Moshi. Utabiri wa msimu unasema uwezekano kwa eneo kubwa. Anayeusoma kama ratiba ya basi atalalamika bure.

Neno El-Nino ndilo lililoteseka zaidi. Tangu mvua za 1997/98, kila mvua kubwa mitaani huitwa hivyo, wakati El-Nino hasa ni kupanda kwa joto la maji ya Pasifiki karibu na ikweta kwa miezi kadhaa. Mafuriko ya Dar es Salaam ya tarehe 20 Desemba 2011, siku iliyonyesha zaidi ya milimita 150 kwa saa 24, hayakuwa ya El-Nino. Tena El-Nino haileti mvua kila mahali. Ile ya 2023/24 iliambatana na vuli kubwa kaskazini mwa Tanzania, huku Zambia, Malawi na Zimbabwe zikikauka hadi kutangaza janga la kitaifa. Mwaka 2024 Tanzania ikakubali kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Mfanyabiashara aliyesikia "El-Nino" akafikiria mafuriko ya Jangwani tu hakuona soko lililokuwa linafunguka kusini.

Kosa jingine ni la mcheza kamari. Baada ya misimu miwili mibovu utasikia "wa tatu lazima uwe mzuri". Mvua haina deni na mtu. Kama katika miaka 30 wilaya imepata misimu mibovu sita, mwenye mkopo wa miaka mitano afanye hesabu akijua mmoja mbovu yamkini umo, na wakati mwingine miwili mfululizo.

Je, tabianchi yenyewe haibadiliki? Inabadilika, lakini ushahidi wake si siku moja wala mwaka mmoja. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na sasa haifiki mbili. Theluji mpya ikidondoka Kibo usiku na kuonekana kutoka Moshi asubuhi, hiyo ni hali ya hewa. Yaweza kuyeyuka kabla ya juma kwisha. Vivyo hivyo asubuhi ya baridi isiyo ya kawaida Arusha haifuti ukweli kwamba mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kubwa kuliko yote duniani tangu vipimo vianze. Kwa mnunuzi athari yake ni hii: wastani wa babu yake si wastani wake, na takwimu za 1961 hadi 1990 zilizobandikwa ukutani katika baadhi ya ofisi zimekwishapitwa.

Na yule mwenye magunia 200? Alihitaji tabianchi ya Ruvuma siku aliyonunua, utabiri wa msimu mwezi Novemba, na taarifa ya siku kumi kumi ya TMA kuanzia Januari. Utabiri wa kesho ungemfaa jambo moja tu, kujua kama alipie turubai wakati wa kupakia.