Jedwali la Kitabu, Lahajedwali ya Mtafiti: Hakimiliki na Idhini katika Utafiti wa Lugha Mpakani Busia na Malaba

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu anayefanya utafiti katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba hukumbana na swali ambalo kozi za mbinu za utafiti haziligusi mara nyingi. Amepata kitabu kilichochapishwa ambacho ndani yake mna majedwali ya msamiati wa lahaja za eneo lake. Angependa kuyaandika upya majedwali hayo katika lahajedwali ya kompyuta ili ayalinganishe na data aliyoikusanya mwenyewe sokoni. Je, anahitaji idhini? Ya nani? Na idhini hiyo inahitajika katika hatua ipi ya kazi yake?

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kufuata kisa kimoja tangu kuchapa neno la kwanza hadi kuiwasilisha tasnifu. Msingi wa mjadala ni Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2019.

Kisa chenyewe

Tumfikirie mwanafunzi wa uzamili anayechunguza namna msamiati wa Kiluhya unavyobadilika chini ya athari ya Kiswahili miongoni mwa wachuuzi wa Busia. Kitabu alicho nacho kina jedwali kuu la dhana mia moja katika lahaja sita: Lukhayo, Lumarachi, Lusamia, Lunyala, Luwanga na Lubukusu. Hizo ni seli mia sita. Karibu na jedwali hilo pana jedwali la pili linaloonyesha, kwa kila jozi ya lahaja, asilimia ya maneno yenye asili moja. Lahaja sita huzaa jozi kumi na tano, kwa hiyo jedwali hilo lina tarakimu kumi na tano.

Uwandani, mtafiti huyu amekusanya dhana zile zile mia moja kwa wasemaji wa lahaja nne za kwanza, kisha akaenda Malaba akakusanya orodha hiyo hiyo kwa wasemaji wa Kiteso. Hivyo ana maumbo mia tano yaliyo yake na mia sita ya kitabu. Yote anataka kuyaweka katika faili moja.

Ni nini hasa kinacholindwa?

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba jedwali halina mwenyewe kwa kuwa ni maneno na tarakimu tu. Kifungu cha 2 cha Sheria kinayataja waziwazi majedwali na mikusanyiko ya data miongoni mwa kazi za kimaandishi, hata kama imehifadhiwa katika kompyuta. Kosa la pili ni kinyume cha hilo: kudhani kwamba kila kilichomo ndani ya jedwali ni mali ya mwandishi. Kifungu cha 22 kinadai kwamba kazi iwe imetolewa jasho la kutosha kuipa sifa ya uasilia. Aidha, Mkataba wa TRIPS, ambao Kenya ni mmoja wa wanachama wake, unaeleza kwamba mkusanyiko wa data hulindwa kwa ajili ya uteuzi na mpangilio wake, na kwamba ulinzi huo hauienei data yenyewe.

Tukilitazama jedwali la kisa chetu kwa jicho hilo, tutaona tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni ukweli wa lugha. Kwamba Mluhya husema *omundu* kwa maana ya mtu, au kwamba Mteso husema *itunganan*, si uvumbuzi wa mwandishi yeyote. Ni mali ya wasemaji, na kila mtu ana uhuru wa kuusema na kuuandika.

Tabaka la pili ni uteuzi na mpangilio. Hapa jibu hutegemea kitabu. Ikiwa mwandishi ametumia orodha ya dhana mia moja ya Morris Swadesh kwa utaratibu wake unaojulikana, uteuzi huo si wake, na hawezi kudai mengi juu yake. Lakini ikiwa alibuni orodha yake mwenyewe, tuseme ya istilahi za uvuvi na biashara ya samaki, akaipanga kwa vikundi alivyovifikiria yeye, basi kuinakili orodha nzima kwa mpangilio ule ule ni kunakili kazi yake.

Tabaka la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi: hukumu za kitaalamu. Mwandishi anapoweka alama kuonyesha kwamba umbo fulani ni la asili moja na jingine, au anapoandika maelezo mafupi chini ya jedwali, hapo pana fikra yake. Asilimia kumi na tano za jedwali la pili zimetokana na hukumu hizo. Mtafiti anaweza kuzinukuu na kuzijadili, lakini ni salama zaidi, na ni bora kitaaluma, azikokotoe upya kutokana na hukumu zake mwenyewe kisha alinganishe matokeo.

Hatua tatu, majibu matatu

Sheria haiulizi tu umenakili nini, bali pia umenakili kwa ajili gani. Miongoni mwa mambo ambayo mwenye hakimiliki hawezi kuyazuia ni matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki na tathmini, mradi chanzo kitajwe. Tangu marekebisho ya 2019, ruhusa hizi zimewekwa katika Jedwali la Pili lililoambatishwa mwishoni mwa Sheria.

Hatua ya kwanza ni kuandika maumbo mia sita katika lahajedwali iliyo kwenye kompyuta ya mtafiti kwa ajili ya uchambuzi. Hatua hii iko ndani ya matumizi ya haki, na haihitaji barua kwa mtu yeyote. Hatua ya pili ni kuonyesha sehemu ya data hiyo katika tasnifu, kwa mfano maumbo ishirini yanayothibitisha hoja kuhusu ukopaji. Hapa pia mtafiti yu salama akitaja mwandishi, kitabu, jedwali na ukurasa.

Hatua ya tatu ndiyo yenye utata. Huenda chuo kikamtaka mwanafunzi aweke data yake yote katika hazina ya kidijitali, ambako mtu yeyote aweza kuipakua. Mtafiti akiweka humo maumbo yote mia sita pamoja na hukumu za mwandishi, jedwali la kitabu litakuwa limechapishwa upya kwa sura nyingine, na msomaji hatakuwa na haja ya kukinunua kitabu. Kudai kwamba huo ni utafiti tu hakutoshi. Hapa ndipo idhini inapohitajika.

Kuitenga data tangu mwanzo

Wengi hushindwa katika hatua ya tatu kwa sababu ya walichokifanya katika hatua ya kwanza: waliyachanganya maumbo ya kitabu na ya uwandani katika safu moja, na mwaka mmoja baadaye hawawezi kuyatofautisha. Dawa ni kuipa kila seli ya kitabu mstari wake, na kila mstari utaje chanzo chake:

```
namba,dhana,lahaja,umbo,chanzo,jedwali,ukurasa,tathmini
```

Katika safu ya `chanzo` mtafiti huandika `kitabu` au `uwandani`, bila neno la tatu. Safu ya `tathmini` hubeba hukumu zake yeye tu. Za mwandishi wa kitabu zikihitajika, ziwekwe katika faili nyingine. Faili ya kisa chetu itakuwa na mistari 1,100 ya data, na kanuni hii itahesabu iliyotoka kitabuni:

```
=COUNTIF(E2:E1101,"kitabu")
```

Jibu likiwa 600, kazi ni timamu. Likiwa 587, ama pana mistari iliyorukwa ama chanzo kimeandikwa vibaya mahali. Tarakimu hiyo itahitajika tena katika barua ya kuomba idhini.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Kifungu cha 32 kinampa mwandishi haki ya kutajwa na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe. Alama za toni na urefu wa irabu hupotea kwa urahisi katika kuchapa. Umbo lililopoteza toni yake likibaki na jina la mwandishi pembeni, mwandishi amesingiziwa kosa asilolifanya. Ikiwa mtafiti ameamua kuziacha toni, aseme hivyo wazi.

Kumtambua mwenye haki

Barua iandikwe kwa nani? Ukurasa wa hakimiliki ndio mahali pa kuanzia, kwa kuwa mwandishi anaweza kuwa amemkabidhi mchapishaji haki zake kwa maandishi. Kisha lisomwe jedwali lenyewe: likiwa na maneno "Chanzo" chini yake, huenda mwenyewe ni mtu wa tatu.

Muda nao huhesabiwa. Nchini Kenya hakimiliki ya kazi ya kimaandishi hudumu miaka 50 baada ya kwisha kwa mwaka aliofariki mwandishi. W. H. Whiteley, aliyehariri kitabu kuhusu lugha nchini Kenya kilichochapishwa na Oxford University Press mwaka 1974, alifariki mwaka 1972. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa maandishi yake mwenyewe nchini ulikoma mwishoni mwa 2022. Lakini kitabu hicho kina wachangiaji wengine, na kila sura hufuata uhai wa aliyeiandika. Haifai kulihesabu jalada, ihesabiwe sura.

Mpaka nao haufuti lolote. Katika kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, msafiri husimama mara moja tu. Hakimiliki haina kituo cha namna hiyo. Anayenakili kitabu upande wa Uganda anatawaliwa na sheria ya Uganda ya mwaka 2006, ambayo hupima matumizi ya haki kwa kuangalia madhumuni, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko la kazi hiyo. Vipimo hivyo vinne vyaweza kumfaa hata mtafiti aliye upande wa Kenya katika kujipima mwenyewe.

Kibali cha NACOSTI, ambacho mtafiti hukibeba anapoingia kaunti ya Busia, kisichanganywe na idhini hii. Kibali hicho humruhusu kufanya utafiti. Hakimpi haki yoyote juu ya kitabu cha mtu.

Barua na jibu lake

Barua nzuri ni fupi, nayo hutaja kiasi:

"Naomba idhini ya kuweka katika hazina ya kidijitali ya chuo maumbo 600 kutoka katika jedwali la kitabu chenu, lililo katika kurasa nilizoziorodhesha. Asilimia na maelezo ya mwandishi hayatajumuishwa. Kila mstari utataja kitabu na ukurasa. Faili itapakuliwa bila malipo kwa matumizi ya kielimu."

Jibu lihifadhiwe pamoja na faili. Ukimya si idhini, hata ukidumu miezi sita. Mchapishaji akikataa au asipojibu, tasnifu haiharibiki. Mtafiti ataweka hazinani mistari yake 500 ya uwandani, pamoja na tathmini zake na asilimia alizozikokotoa. Katika mistari 600 ya kitabu ataacha namba, jedwali na ukurasa, na safu ya `umbo` itakuwa tupu. Anayetaka kuyahakiki matokeo atakifungua kitabu maktabani na kuijaza mwenyewe.

Hitimisho

Maneno ya wachuuzi wa Busia na Malaba ni ya wasemaji wake, lakini uteuzi, mpangilio na hukumu za mtaalamu aliyeyakusanya ni kazi yake. Mtafiti aliyeandika chanzo katika kila mstari ataweza kuonyesha, siku yoyote atakayoulizwa, wapi penye yake na wapi penye ya mwenziwe.