Sampuli Imefika Hamburg. Sasa Uandike Nini?

Kampuni ya vifurushi ikikuarifu kwamba mzigo wako umepokelewa, imekuambia jambo moja tu: kuna mtu mlangoni ametia saini. Huyo si lazima awe ndiye atakayeonja kahawa yako. Anaweza kuwa mhudumu wa mapokezi aliyeuweka mfuko rafuni, kando ya mifuko mingine iliyotoka Ethiopia, Kolombia na Honduras, akaendelea na shughuli zake. Anayeandika barua pepe siku hiyohiyo kuuliza, "Je, mmeipenda kahawa yetu?" anamuuliza mtu ambaye hata mfuko hajaufungua.

Tuseme chama cha msingi cha wakulima wa Mbinga kimetuma gramu 350 za kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa lakini haijakaangwa, daraja la AA, kwa mkaangaji mdogo wa Hamburg. Mkaangaji huyo aliiomba mwenyewe. Kuituma ikiwa haijakaangwa ni sahihi, kwa kuwa mnunuzi anataka kuikaanga kwa mkono wake. Isitoshe, Ujerumani hutoza kodi ya euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa, na kahawa mbichi haimo katika kodi hiyo. Kifurushi kimeondoka Jumatatu, kikapokelewa Ijumaa.

Ili ujue lini pa kuandika, fuata njia ya ule mfuko ukishaingia ndani. Kwanza utapimwa unyevu. Wanunuzi wengi hutaka kahawa yenye unyevu wa kati ya asilimia 10 na 12. Kisha kiasi cha gramu 100 kitakaangwa katika mashine ndogo ya sampuli. Kwa utaratibu wa uonjaji uliozoeleka katika biashara ya kahawa bora, kahawa hiyo hupumzishwa kwa saa 8 au zaidi, na huonjwa kabla saa 24 hazijapita tangu ikaangwe. Huandaliwa vikombe vitano, kila kimoja kikiwa na gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji ya moto. Muonjaji hunusa, husubiri, huonja kikiwa moto, kisha hurudia kadiri kinavyopoa. Hakuna mkaangaji anayewasha moto kwa ajili ya mfuko mmoja. Wengi wana siku yao ya kuonja, nao husubiri sampuli zikusanyike.

Kwa hiyo siku zako zihesabu kuanzia pale meza yake ilipo. Kifurushi kilichofika Ijumaa, barua yake iende Jumanne au Jumatano inayofuata, nayo isiulize ladha. Iulize siku ya kuonja. Kwa Hamburg itaandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani, ila maudhui yake yawe hivi:

Kichwa: Sampuli MBG-07, Mbinga AA, magunia 40

"Habari za kazi. Kampuni ya vifurushi inaonyesha kwamba sampuli MBG-07 ilipokelewa ofisini kwenu Ijumaa saa 5 asubuhi. Ni mfuko wa kaki wenye lebo ya kijani. Loti yenyewe ni magunia 40 ya kilo 60, yamo ghalani, na hayajaahidiwa kwa mtu. Bei niliyowatajia inabaki ileile hadi tarehe 28. Sisi tutaionja sampuli ya loti hiyohiyo Alhamisi. Je, ninyi mmepanga kuionja siku gani?"

Basi. Hakuna historia ya chama wala picha za milima, na hakuna faili zito la kumjazia mtu sanduku la barua. Namba ya sampuli imewekwa kwenye kichwa kwa sababu mnunuzi mwenye mifuko 30 rafuni hakumbuki jina la chama chako, anasoma lebo. Rangi ya mfuko inaonekana ni jambo dogo, lakini ndiyo inayomwezesha kuinuka kitini na kuukuta mfuko bila kuuliza watu watatu. Swali lenyewe lina jibu la neno moja. "Alhamisi" huandikwa hata na mtu aliyesimama kwenye foleni. "Mna maoni gani?" humtaka aketi na kufikiri, na barua ya namna hiyo ndiyo inayosukumwa hadi kesho. Ile wanayoiandika wengi, "nakumbushia tu kuhusu barua yangu ya awali," ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa inamrudisha mwenzio kutafuta barua ambayo pengine aliifuta.

Kifungu kinachosema tutaionja Alhamisi hakina maana usipokuwa na sampuli ya akiba. Siku unayopakia ile ya Hamburg, chota kiasi kilekile kutoka loti ileile, kifunge katika mfuko wa aina ileile, uandike namba ileile. Mnunuzi akijibu kwamba ameipa alama 81 lakini kikombe kimoja kati ya vitano kilikuwa kichachu, una kitu cha kulinganisha. Uliza kwanza kama ni kikombe kimoja au vyote. Kasoro ya kikombe kimoja mara nyingi huonyesha punje chache mbovu zilizopita katika uchambuzi, na unaweza kuchambua upya. Vikiwa vyote, tatizo lilianzia kwenye uchachushaji au ukaushaji, na loti nzima ndivyo ilivyo. Na kama ya kwako ni safi huku yake inanuka gunia, shuku safari au rafu, umwombe akubali mfuko wa pili. Bila ile akiba mtabaki kubishana kwa hisia.

Kuna mpaka ambao wauzaji wa huku hawaujui. Sheria ya Ujerumani dhidi ya ushindani usio wa haki, iitwayo UWG kwa kifupi, katika kifungu chake cha 7 inataka ridhaa ya awali kabla ya kumtumia mtu tangazo la biashara kwa barua pepe, hata akiwa kampuni. Aliyeomba sampuli ameufungua mlango mwenyewe. Lakini kipeperushi kilichochapwa, ukakituma kwa posta bila kuombwa, hakikupi ruhusa ya kukifuatisha na barua pepe. Kwa sheria za kule karatasi ina uhuru zaidi kuliko barua pepe, kinyume kabisa na tunavyodhani. Dawa yake iko ndani ya kipeperushi chenyewe: weka kadi ndogo au anwani ya kuombea sampuli, umwache mteja aanze yeye. Akianza, hapo una sababu ya kuandika, na una swali la kuuliza.

Akinyamaza je? Subiri siku kama kumi, umwandikie mara moja zaidi, safari hii ukimpa matokeo yako ya Alhamisi: alama, ladha mlizozipata, unyevu. Hilo ni jambo jipya, si kumbusho. Ya mwisho iende tarehe 28 inapokaribia, na iseme kwamba baada ya siku hiyo magunia 40 yatatolewa kwa wanunuzi wengine. Iandike ikiwa ni kweli tu. Soko la kahawa bora ni dogo, na mnunuzi aliyetishwa kwa tarehe ya uongo ataikuta loti hiyohiyo kwenye orodha yako mwezi unaofuata.

Akijibu kwamba ameikubali, soma sentensi yake hadi mwisho. Kwa kawaida amekubali kwa sharti la kuonja sampuli nyingine itakayochukuliwa kwenye magunia yenyewe yakiwa tayari kupakiwa. Hiyo ipe namba yake, MBG-07P kwa mfano, na barua yake yenyewe. Ukiituma kwa namba ya kwanza, muonjaji atakuwa na mifuko miwili yenye lebo moja, na atakayeulizwa ipi ni ipi ni wewe.