Dawa ya Kupitia Nyuma

Mtoto wa miaka 2, bondeni kuelekea Kyela, ana malaria kali. Kapata degedege, na kila kidonge anakitapika. Hospitali ya Tukuyu iko mbali na mvua inanyesha (Rungwe hiyo!). Afanyiwe nini?

Usicheke: dawa inaweza kupitia njia ya haja kubwa. Zahanati yenye artesuneti ya aina hiyo humwekea kidonge laini kimoja, miligramu 100. Ukuta wa ndani pale ni mwembamba, una unyevunyevu na mishipa mingi ya damu, hivyo dawa hufyonzwa bila kungojea tumbo. Matako hubanwa kwa dakika 10 hivi. Kidonge kikitoka kabla ya nusu saa, anawekewa kingine.

Kwa nini asibandikwe plasta ya dawa? Kwa sababu ngozi ni mlinzi mkali, hupitisha dawa polepole kwa saa nyingi. Hiyo inamfaa anayeacha sigara, anayehitaji nikotini kidogo kidogo kutwa nzima. Mwenye pumu naye huvuta salbutamo ili itue palepale palipobana. Mvuto mmoja una mikrogramu 100 tu. Kidonge cha miligramu 4 ni mara 40 ya hiyo.

Ila kidonge cha nyuma kina kasoro. Kiasi kinachofyonzwa hutofautiana mtoto kwa mtoto, na dozi hiyo peke yake haiponyi malaria kali. Kwa hiyo hata homa ikishuka njiani, msigeuze. Hospitalini atachomwa sindano za artesuneti kwa angalau saa 24, kisha akiweza kumeza apewe dozi kamili ya dawa mseto.