Wastani wa faida ya mwaka unavyomdanganya mwenye hisa

Na Mwandishi Wetu

WAKALA wa uwekezaji anapokuletea kipeperushi kinachosema kuwa hisa zimetoa "faida ya wastani ya asilimia 7.5 kwa mwaka", swali la kwanza la kumuuliza ni moja: wastani huo umepigwaje? Jibu linaweza kuwa ndilo linaloamua kama fedha zako ziende kwenye hisa au zibaki kwenye akaunti ya muda maalumu benki.

Tuchukue mfano wa Soko la Hisa la Nairobi. Fahirisi yake ya kampuni 20, inayojulikana kama NSE 20, ilifunga mwaka 2008 ikiwa kwenye pointi 3,521. Mwisho wa 2009 ilikuwa 3,247, yaani imeshuka kwa asilimia 7.8. Mwaka 2010 ikapanda kwa asilimia 36.5 hadi 4,433. Mwaka 2011 ikaporomoka kwa asilimia 27.7 hadi 3,205, na mwaka 2012 ikapanda tena kwa asilimia 29 na kufunga kwenye 4,133.

Jumlisha asilimia hizo nne, ukitoa zile za hasara, utapata 30. Gawa kwa miaka minne, unapata 7.5. Hesabu hiyo haina kosa lolote la kujumlisha wala kugawanya. Tatizo ni kwamba hakuna mwekezaji aliyepata faida hiyo.

Fuata shilingi zenyewe

Tuseme mtu aliweka Sh. 100,000 za Kenya mwishoni mwa 2008, na fedha zake zikaenda sawasawa na fahirisi. Mwisho wa 2009 angekuwa na Sh. 92,200. Mwaka wa neema wa 2010 ungemfikisha Sh. 125,900. Mporomoko wa 2011 ungemrudisha hadi Sh. 91,000, na mwisho wa 2012 angekuwa na Sh. 117,400.

Lakini kama fedha hizo zingekua kwa asilimia 7.5 kila mwaka, kama kipeperushi kinavyodokeza, angekuwa na Sh. 133,500. Sh. 16,100 hazipo. Hazikuibwa na mtu wala hazikukatwa kama ada, hazikuwahi kuwepo.

Ukiishia mwaka 2011 jambo linakuwa wazi zaidi. Kwa miaka mitatu ya 2009 hadi 2011, wastani wa asilimia ni 0.3 ya faida. Wakati huo huo mtu wetu, aliyeanza na Sh. 100,000, ana Sh. 91,000 mkononi. Wastani unasema amepata. Mfuko unasema amepoteza asilimia 9.

Sababu yake

Asilimia ya kila mwaka hupigwa juu ya kiasi kilichopo mwanzoni mwa mwaka huo, wala si juu ya mtaji wa mwanzo. Mwenye Sh. 100,000 akipoteza nusu, anabaki na Sh. 50,000. Mwaka unaofuata akipata faida ya asilimia 50, hiyo ni asilimia 50 ya Sh. 50,000, yaani Sh. 25,000 tu. Anafika Sh. 75,000, ingawa wastani wa miaka yake miwili ni sifuri. Ili arudi alipoanzia alihitaji faida ya asilimia 100.

Hasara, kwa hiyo, hupunguza mtaji ambao faida ya kesho itapigwa juu yake. Wastani wa kawaida hauoni hilo, kwa sababu unaichukulia kila asilimia kana kwamba imetoka kwenye mtaji ule ule.

Kipimo kinachofaa

Kipimo kinachofuata fedha halisi ni kiwango cha ukuaji wa mwaka kwa mlimbikizo, ambacho kwenye taarifa za mifuko ya uwekezaji huandikwa kwa herufi CAGR. Kinajibu swali hili: ni asilimia gani moja, isiyobadilika, ambayo ingeutoa mtaji ulipoanza na kuufikisha ulipoishia?

Gawa kiasi cha mwisho kwa kiasi cha mwanzo, kisha tafuta kipeuo cha jibu hilo kulingana na idadi ya miaka, halafu toa moja. Kwa mfano wetu, 4,133 gawa kwa 3,521 ni 1.174. Kwa kuwa miaka ni minne, hata kikokotoo cha dukani kinatosha: bonyeza kitufe cha kipeuo cha pili mara mbili. Mara ya kwanza utaona 1.083, mara ya pili 1.041. Faida ya kweli ilikuwa asilimia 4.1 kwa mwaka. Kwenye kompyuta andika:

```
=(4133/3521)^(1/4)-1
```

Angalia idadi ya miaka. Hapa tuna tarakimu tano za kufunga mwaka, kuanzia 2008 hadi 2012, lakini vipindi kati yake ni vinne. Anayehesabu tarakimu badala ya vipindi atapata jibu lisilo sahihi.

Pengo kati ya vipimo hivi viwili hutegemea jinsi soko linavyoyumba. Soko likitoa asilimia ile ile kila mwaka, vipimo vinalingana. Likiyumba, wastani wa kawaida daima unakuwa juu. Kuna njia ya kukadiria: chukua umbali wa kila mwaka kutoka kwenye wastani, uzidishe kwa wenyewe, tafuta wastani wa majibu hayo, kisha gawa kwa mbili. Kwa miaka yetu minne jibu ni karibu asilimia 3.5. Toa kwenye 7.5, unabaki na 4, karibu sana na ile 4.1.

Sasa mlinganishe mtu huyu na jirani yake. Tuseme jirani aliweka Sh. 100,000 benki kwa riba isiyobadilika ya asilimia 6, na kila mwaka akaiacha riba ijiongeze kwenye mtaji. Baada ya miaka minne ana Sh. 126,200. Kwa kipeperushi, hisa za asilimia 7.5 zinaishinda benki. Kwa shilingi, benki imeshinda kwa karibu Sh. 8,800. Haki itendeke, fahirisi hii hupima bei tu: gawio lililolipwa na kampuni halimo, na kodi na kamisheni ya dalali hazimo pia. Anayelinganisha aviingize vyote kwenye kiasi cha mwisho kabla ya kugawanya.

Mipaka yake

Kipimo hiki nacho kina udhaifu wake. Kinaangalia mwanzo na mwisho pekee, kwa hiyo anayechagua tarehe ya kuanzia anaweza kuchagua na jibu. Fahirisi hiyo hiyo ilifunga mwaka 2007 kwenye 5,445. Ukianzia hapo hadi mwisho wa 2012, ile faida ya asilimia 4.1 inageuka hasara ya asilimia 5.4 kwa mwaka. Mwaka mmoja tu umeongezwa nyuma.

Pia hakimfai aliyekuwa akiongeza au kutoa fedha katikati, kwa sababu kila fungu limekaa muda wake tofauti.

Basi ukiletewa kipeperushi, usibishane kuhusu asilimia. Omba namba tatu: thamani ya mwanzo na tarehe yake, thamani ya mwisho na tarehe yake, na gawio lililolipwa katikati. Ukizipata, hesabu iliyobaki utaimaliza mwenyewe mezani. Wakala akikupa asilimia bila namba hizo, bado hajakueleza fedha zako zingeishia wapi.