Skrubu za bati

Skrubu za bati ni skrubu zinazotumika kufunga mabati ya paa kwenye papi za mbao au za chuma. Kila skrubu huwa na washa, yaani kisahani cha chuma chenye mpira upande wa chini, ambao huziba tundu lililotobolewa.

Kwa nini misumari huvujisha

Paa lililopigwa misumari kwa kawaida halivuji mwaka wa kwanza. Tatizo huja polepole. Bati la chuma hutanuka kwa jua na kusinyaa usiku: bati la mita 3 likipata tofauti ya joto ya nyuzi 40 za selsiasi, urefu wake hubadilika kwa takriban milimita 1.4. Mwendo huo hurudiwa kila siku, na tundu la msumari hupanuka. Wakati huohuo upepo huinua bati, na papi iliyopigwa ikiwa mbichi husinyaa inapokauka, hivyo msumari hupoteza mshiko na kupanda kidogo. Kuugongelea tena hakusaidii sana, kwa kuwa unarudi katika tundu lilelile lililolegea. Maji yakishaingia huozesha mbao inayoushika.

Dalili ni kichwa kilichoinuka, kutu inayozunguka tundu na doa jeusi kwenye papi. Matone ya alfajiri bila mvua ni jambo jingine: huenda ni mvuke ulioganda chini ya bati.

Kuchagua skrubu

Skrubu hushika mbao kwa nyuzi zake, kwa hiyo haichomoki kirahisi. Ya mbao ina ncha kali na nyuzi zilizoachana. Ya papi za chuma ina ncha kama ya keekee.

Bati la migongo hufungwa juu ya mgongo, kwa sababu maji hupita bondeni. Kwa hiyo urefu wa skrubu huhesabiwa pamoja na kimo cha mgongo. Mgongo ukiwa na milimita 18, na skrubu ikitakiwa kuingia kwenye mbao angalau milimita 30, jumla ni 48 kabla ya unene wa washa. Ya milimita 50 inatosha kwa shida. Ya 65 ni salama zaidi, mradi papi ni nene vya kutosha.

Kukaza na kuziba

Mpira wa EPDM hustahimili jua kuliko mpira wa kawaida. Skrubu hukazwa wima mpaka mpira ujae hadi ukingoni mwa washa. Ukichomoza nje umebanwa mno na utapasuka. Washa ikizungushika kwa vidole, haijakazwa.

Silikoni si mbadala wa washa. Inapohitajika, kwa mfano kwenye tundu la zamani, ile yenye harufu ya siki haifai, kwani asidi yake hula zinki ya bati. Msumari uliolegea ni bora ung'olewe, na tundu lake lifungwe kwa skrubu nene na ndefu kuliko msumari huo. Papi ikiwa imeoza, hubadilishwa kwanza.