Mashine Imeharibika, Mtu Ameumia: Maswali Yanayokosekana kwenye Kaunta Buku

Kwenye viwanda vikubwa kama kile cha sukari cha TPC, Arusha Chini, ajali kazini ina fomu yake na ofisa wake. Lakini kazi nyingi za mashine zinazoizunguka Moshi, kuanzia karakana za mbao za mjini hadi mashine za kusaga za Kibosho na Marangu, hazina ofisa wa namna hiyo. Zina kaunta buku, lile lile la mauzo, na humo ajali huingia kwa mstari mmoja: “Mashine imeharibika, mtu ameumia.” Wengi huulaumu mstari huo kwa ufupi wake. Mimi naona ubaya wake ni kwamba, pamoja na ufupi, tayari umeshatoa sababu. Anayeusoma anaelewa kwamba mashine iliharibika na uharibifu huo ndio uliomuumiza mtu. Fundi anaitwa, mashine inatengenezwa, na kila mtu anaridhika kwamba hatari imeondoka. Kwa hiyo anayetaka kuandika taarifa kamili aanze kwa kuyatenganisha matukio hayo mawili, kisha aulize lipi lilitangulia na nini kiliyaunganisha.

Tuchukue mfano niliouunda kwa ajili ya maelezo haya: kiwanda kidogo cha unga, mashine moja ya kukoboa inayozungushwa na mota kwa mkanda. Mwendeshaji amepondeka vidole viwili na yupo Hospitali ya Mawenzi, maana matibabu hayasubiri taarifa. Kiwandani wamebaki msaidizi wake na mtunza fedha. Swali la kwanza kwa msaidizi ni jepesi: “Pole sana kaka. Hebu nieleze tangu mlipowasha asubuhi, usiruke kitu.” Kisha muulizaji ananyamaza. Simulizi ya kwanza isiyokatizwa ndiyo yenye vitu ambavyo muulizaji asingejua kuviuliza. Ikiisha, anarudi kwenye neno moja moja. “Unaposema imeharibika, ni kitu gani kilichoharibika?” Mkanda, umekatika. “Naomba niuone.” Hapo simulizi inaanza kupinduka. Mkanda uliochoka huachia taratibu, na mahali ulipokatikia huwa na nyuzi zilizochomoza na mpira uliomeguka ovyo. Huu umekatwa kwa mstari ulionyooka, kingo zake safi. “Nani aliukata?” Msaidizi anajibu kwamba yeye ndiye aliyeukata kwa kisu, ili kumtoa mwenzake vidole vilivyobanwa kati ya mkanda na puli. Basi mashine haikumuumiza mtu kwa kuharibika. Mtu aliumia kwanza, na kilichoandikwa kama uharibifu ni uokoaji.

Sasa swali linakuwa jingine kabisa: mkono ulifikaje kwenye mkanda wakati mashine inazunguka? Hapa wengi hukimbilia “kwa nini aliweka mkono pale?” Swali hilo halileti habari, linaleta utetezi, kwa sababu anayeulizwa anasikia kwamba hukumu imeshatolewa. Linalozaa zaidi ni la mazoea: “Siku nyingine mashine ikizima na hopa imejaa, huwa mnafanyaje?” Jibu linakuja bila woga. Mahindi yakibaki yamejaa ndani, mota haiwezi kuondoka nayo, mkanda unateleza na kuungua. Kwa hiyo huwa wanalizungusha puli kwa mkono hadi mahindi yaachie, ndipo wanawasha. Kava ya mkanda ilitolewa siku nyingi ili kazi hiyo iwe rahisi. Angalia kwamba hakuna aliyeulizwa “kava ilikuwa imevunjika?”, swali ambalo lingemtia mtu jibu mdomoni. Aliulizwa kava iko wapi, akaonyesha pembeni, nyuma ya magunia ya pumba.

Ina maana mashine ilikuwa imezima kabla ya ajali. Ilizimwa au ilizima yenyewe? Umeme ulikwisha, anasema. Msikilizaji mvivu ataandika “umeme ulikatika” na kuilaumu TANESCO. Makini ataendelea: ulirudi wenyewe au ulirudishwa? Mtunza fedha ndiye mwenye jibu. Luku iliisha, akanunua uniti kwa simu, akaziingiza kwenye mita iliyopo chumba cha mbele, ambako puli halionekani. Ujumbe wa manunuzi bado upo kwenye simu yake pamoja na saa yake, na saa hiyo ni ushahidi bora kuliko kumbukumbu za watu watatu walioshtuka. Linabaki swali la swichi. Stata ya kubonyeza, ikiwa nzima na imefungwa sawasawa, hujiachia umeme ukipotea, na mota haiondoki tena hadi mtu abonyeze. Swichi ya mkono ya kushusha na kupandisha hubaki ilivyoachwa. Ya hapa ni ya mkono, na iliachwa juu. Uniti zilipoingia, mota iliondoka mkono ukiwa kwenye mkanda.

Taarifa sasa inaweza kuandikwa, na haihitaji kurasa: mashine ilizima kwa Luku kuisha, hopa ikiwa imejaa, swichi haikushushwa, mwendeshaji alizungusha puli kwa mkono kama ilivyo kawaida hapo, kava ikiwa imeondolewa, mtunza fedha aliingiza uniti bila kumwona wala kumtaarifu, mota ikaondoka, mkanda ukabana vidole viwili, msaidizi akaukata kumwokoa. Kila sentensi ibebe chanzo chake: hili msaidizi aliliona, hili aliambiwa, hili lipo kwenye simu. Ambalo halijathibitishwa, kwa mfano kama mwendeshaji alidhani swichi imeshushwa, liandikwe hivyo hivyo kwamba bado linamsubiri mwenyewe.

Mwenye kiwanda anaweza kusema kwamba yote hayo ni mzunguko mrefu wa kufikia neno moja, uzembe. Kweli, mwendeshaji hakushusha swichi. Lakini “uzembe” hauonyeshi cha kubadilisha, na keshokutwa Luku itaisha tena mbele ya mwendeshaji mwingine. Taarifa iliyo kamili inaonyesha mambo manne yanayoshikika: stata, kava, kufuli la swichi ambalo ufunguo wake unakaa mfukoni mwa anayegusa mashine, na desturi ya kuita kabla ya kuingiza uniti. Fundi aliyeitwa kwa ule mstari wa kwanza angefunga mkanda mpya, akaondoka, na mambo hayo manne yangebaki kama yalivyokuwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: maelezo marefu yanaweza kumponza mwandishi wake, mwajiri akiwaogopa wakaguzi wa OSHA, mfanyakazi akiogopa kibarua chake. Woga huo una msingi, ila una mipaka yake. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, anayeumia hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Kinachotazamwa kwanza ni kama aliumia kutokana na kazi na akiwa kazini. Mstari wa “mtu ameumia” hausemi mtu huyo ni nani, alikuwa akifanya kazi ipi, wala alitumwa na nani. Mwajiri naye akikaa kimya hajifichi: jeraha la kubanwa halifanani na la kukatwa, na daktari huandika anachokiona.

Mwenye majeraha aulizwe mwisho, maumivu yakipungua, na asisomewe kwanza waliyosema wenzake. Aanze naye pale pale, tangu walipowasha asubuhi. Akisema swichi aliishusha kwa mkono wake, taarifa haijaharibika. Limeongezeka swali: nani aliipandisha?